Habari Isiyosemwa kwa Simu

Msomaji, tulipoachana wiki iliyopita Koplo alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha kinyozi, kofia kwapani, tayari kumwambia mwanamke mmoja kwamba mume wake amekufa. Alibisha mara tatu. Kitasa kikazunguka.

Aliyefungua mlango alikuwa kinyozi mwenyewe.

Mzima. Bukta, kandambili, mswaki mdomoni. Aliwatazama askari na mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa nyuma yake, akatema povu pembeni, akawakaribisha.

Koplo alikuwa askari wa miaka kumi na minne, mwanamke ambaye kituoni walimwita Kigingi kwa sababu hakuyumba. Siku hiyo aliyumba kidogo. Saa moja nyuma alikuwa ameishika leseni ya udereva ya mtu huyu, yenye uso huu, iliyotolewa kwenye koti la maiti.

Pale njia panda lori lilikuwa limekatika breki. Pikipiki ilikuwa chini yake. Namba ya pikipiki ilisoma jina la kinyozi, na leseni ilisoma jina la kinyozi. Daktari alikuwa ameandika saa ya kuthibitisha kifo: saa tatu na dakika kumi asubuhi. Uso haukuwa wa kutambulika. Mkuu wa kituo alisema ushahidi wa vitu viwili unatosha, watangulie, kwa maana picha ya ile pikipiki ilishaanza kuzunguka kwenye simu za watu, na hakuna familia inayostahili kupata msiba wake kwenye kioo cha simu.

Vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa vimedanganya.

Nyuma yake Mwenyekiti alinong'ona kitu kilichofanana na dua.

Koplo alimwomba kinyozi waingie ndani. Hilo ndilo la kwanza, hata mambo yakienda mrama: habari haipewi mtu akiwa amesimama kizingitini, njia nzima ikimtazama. Waliingia. Sebule ilikuwa ndogo, makochi mawili yenye vitambaa, meza ya kioo, kalenda ya mwaka uliopita. Alimwomba kinyozi akae. Kinyozi akakaa, mswaki bado mkononi.

Koplo alimuuliza pikipiki yake iko wapi.

Kinyozi alisema ameichukua mdogo wake tangu saa mbili. Alikuwa na jokofu la kutengeneza kwenye bucha, mbali kidogo, na vyuma vyake ni vizito. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo kinyozi akampa na koti.

"Leseni yako iko wapi?"

"Kwenye koti." Alijibu haraka, kama mtu anayejibu jambo dogo. Halafu akalisikia jibu lake mwenyewe.

Aliutazama mkono wa Koplo, ile bahasha ya karatasi. Akamtazama Mwenyekiti, ambaye hata siku ya uchaguzi hakuwahi kuonekana na uso ule. Mswaki ukaanguka kwenye zulia.

"Amekufa?"

Hapo, msomaji, ndipo askari wengi huteleza. Wengine husema hapana ili kununua dakika. Wengine husema ndiyo kabla hawajawa na hakika. Koplo alikuwa amekosea mara moja asubuhi ile, na hakutaka kukosea mara ya pili. Alimwambia ukweli kama ulivyokuwa: kuna ajali njia panda, mtu mmoja amefariki, na mtu huyo alikuwa na pikipiki yake, koti lake na leseni yake. Ni nani hasa, hajathibitisha. Atathibitisha sasa hivi, hapo hapo, na hatatoka kabla hajamwambia.

"Kwa hiyo mlikuja kusema nimekufa mimi," kinyozi alisema.

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama vile mtu amemweleza habari za hali ya hewa.

Koplo alimuuliza mkewe yuko wapi. Amesafiri, alisema, yuko kwa dada yake aliyejifungua. Basi Koplo akamwambia ampigie mara moja, kabla ya lolote, mkewe aisikie sauti yake.

Kinyozi alipiga. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa, lakini upande wa pili hakuna aliyesema. Alimwita mkewe. Kimya. Alimwita tena. Ndipo sauti ndogo ikamwambia ataje jina lake. Akalitaja. Ikamwambia arudie. Akarudia. Mtu alikuwa ameshampigia robo saa iliyopita kumpa pole, na tangu hapo mwanamke yule alikuwa amekaa sakafuni kwa dada yake, mgongo ukutani.

Halafu mkewe akauliza swali ambalo lazima angeuliza. Kama si yeye, ni nani aliyekuwa na pikipiki?

Koplo alitikisa kichwa. Kinyozi alisema atampigia baadaye, akakata.

Mdogo wake alikuwa na alama gani mwilini? Koplo alikuwa ameshafungua daftari. Si nguo, alisema, nguo zinaazimwa. Kinyozi alifikiri. Mkono wa kushoto, ndani, juu kidogo ya kiwiko: kovu la moto, urefu wa kidole, alilopata akichomelea bomba la jokofu. Na kidole kidogo cha mguu wa kulia hakina kucha tangu utotoni. Kinyozi ndiye aliyemwangushia tofali.

Koplo alitoka kibarazani akampigia konstebo aliyeachwa hospitalini na maiti. Alimwambia atazame sehemu hizo mbili, aongozane na mhudumu wa chumba cha maiti, na asimwambie mtu jibu isipokuwa yeye. Kisha akasubiri, simu mkononi, Mwenyekiti akiwa amemfuata nje.

Ni wakati huo huo ambapo mke wa mdogo mtu alitokea kwenye kona ya nyumba.

Waliishi uani, yeye na mumewe, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya kaka. Kazi yake ilikuwa udobi. Mtaa mzima walimwita Mama Pasi, ingawa katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwa amejaliwa mtoto wa kumwita mama. Alikuwa na beseni la nguo mbichi kiunoni na vibanio vitatu mdomoni. Alivitoa vibanio, akamsalimia Koplo, akamwamkia Mwenyekiti, akauliza kama shemeji yake amewaacha wageni wasimame nje bila hata kigoda.

Mwenyekiti alikohoa. "Unajua, mwanangu," alianza, "dunia hii sisi sote ni wapita njia, na mwenye kuhesabu..."

Koplo alimkanyaga mguu. Hakumkanyaga kwa siri.

Njiani alikuwa amemwonya. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, mwenye heshima zake, lakini mwaka juzi aliwahi kwenda peke yake kwenye nyumba moja, akaogopa, akasema mtu wenu amepata ajali kidogo. Familia ilipika uji, ikajaza chupa, ikaenda nao hospitalini. Waliufikisha uji ule hadi mlango wa chumba cha maiti. Tangu siku hiyo Koplo alikuwa na sharti moja: Mwenyekiti anakuja kwa sababu watu wanamjua na atabaki nao askari wakiondoka, lakini neno lenyewe halisemi yeye, na kabla halijasemwa anafunga mdomo.

"Tunasubiri simu," Koplo alimwambia Mama Pasi.

Ulikuwa ukweli. Mama Pasi alimtazama, akavitazama viatu vyake vyenye vumbi jekundu la barabarani. Akatua beseni chini. Hakuuliza simu gani. Alisema tu ana pasi imewaka ndani, akarudi uani, bila haraka.

Simu ililia. Konstebo alisema kovu lipo. Akasema kucha haipo.

Koplo alimshukuru, akaandika kwenye daftari: saa nne na dakika tano. Aliingia sebuleni, akaketi kwenye kochi la pili, magoti yake yakikaribiana na ya kinyozi.

"Ni mdogo wako. Amekufa. Nasikitika sana."

Kinyozi alisema sawa. Akasema tena sawa. Aliinama akauokota mswaki zuliani, akaupangusa nyuzi za zulia, moja moja, mpaka zikaisha.

"Mimi ndiye niliyempa koti," alisema baadaye.

Koplo hakumwambia asijilaumu. Maneno hayo hayafiki wakati kama ule. Alimwambia kwamba breki zilizokatika zilikuwa za lori, na kwamba yuko dereva anayehojiwa. Halafu akamwambia kuna mtu mwingine aliyeko hatua ishirini kutoka hapo ambaye hajui, na kwamba kwa haki habari ni ya mke kwanza. Kinyozi anaweza kuwepo, au anaweza kubaki. Lakini akija asilie kabla neno halijasemwa.

Kinyozi alivaa shati. Vifungo vilikataa, akaacha viwili wazi.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Koplo alibisha hata hivyo.

Chumba kilinuka sabuni na joto la kitambaa. Meza ya kupigia pasi ilikuwa katikati, na mashati manane yalikuwa yametundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kama watu waliogeuza migongo. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Hakuacha.

Koplo alijitambulisha upya, cheo na kituo. Alitaja jina kamili la fundi majokofu, akamuuliza Mama Pasi kama yeye ndiye mke wake. Alijua ndiye. Lakini swali hilo huulizwa siku zote, na asubuhi ile lilikuwa na uzito wake.

"Ndiye mimi."

"Naomba uweke pasi pembeni, mama, ukae."

"Nitakaa nikimaliza kola."

Koplo alimngoja amalize kola. Kisha akasogea, akaishika pasi yeye mwenyewe, akaisimamisha, akachomoa waya ukutani. Aliangalia chumba upesi: jiko halina moto, hakuna mtoto, hakuna kitu kikali karibu. Mama Pasi aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Koplo akavuta kigoda akakaa chini yake kidogo, ili asimwangalie kutoka juu.

"Nimekuja na habari mbaya sana. Mume wako amepata ajali ya barabarani leo asubuhi. Amekufa."

Alisema amekufa. Hakusema ametutoka, hakusema amepumzika, wala hakusema hali yake si nzuri. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mwenyekiti alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nguo zilizoanikwa, tone kwa tone, juu ya karatasi ya plastiki. Koplo aliyasikiliza.

"Atalazwa siku ngapi?" Mama Pasi aliuliza.

Koplo alikuwa ameliona hilo mara nyingi. Sikio husikia, lakini ndani panakataa kupokea. Hukasiriki, hupandishi sauti. Unarudia.

"Hatalazwa. Amekufa, mama. Alishakufa alipofikishwa hospitali. Daktari amethibitisha."

Mama Pasi alitazama kamba ya mashati. Akasema lile jeupe ni la bwana mmoja anayekwenda usaili, atakuja kulichukua saa sita, na bado mikono. Akasimama, akaenda mezani, akaikamata pasi ambayo haikuwa na umeme, akaanza kuipitisha kwenye mkono wa shati. Iliendelea kuwa na moto kidogo. Makunyanzi yalinyooka.

Hakuna aliyemzuia. Kinyozi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, machozi yanamshuka bila sauti hadi kidevuni.

Alipiga mkono wa kulia. Alipiga wa kushoto. Alilikunja shati vizuri, mikono nyuma, kola juu, akaliweka kitandani. Ndipo alipoangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akakaa tena.

"Aliumia?"

"Sijui," Koplo alisema. "Aliyefika wa kwanza anasema hakuongea. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kukwambia nisichokijua."

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa. Ilionekana jibu lile alilipokea vizuri kuliko pole yoyote.

Aliuliza yuko wapi sasa. Koplo akamweleza, kwa sentensi fupi, akiacha pengo kati ya moja na nyingine. Yuko chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya. Anaweza kwenda kumwona, leo au kesho, halazimishwi. Ndugu wawili watatakiwa kumtambua rasmi. Shemeji yake anaweza kuwa mmoja. Kwa kuwa ni ajali ya barabarani, daktari atafanya uchunguzi wa maiti, na baada ya hapo familia itapewa kibali cha kuzika. Vitu vyake viko kituoni, vimeorodheshwa, vitatolewa kwa sahihi. Koplo hakuvileta. Kamwe hakuwapelekea watu saa na viatu kwenye mfuko wa plastiki siku ya kwanza.

Alimtayarisha pia juu ya uso. Alisema umeumia sana, na kwamba akienda amwambie mhudumu kwanza amwonyeshe mkono.

Halafu akayaandika yote kwenye karatasi, herufi kubwa: hospitali, mlango gani, saa ngapi, jina la mpelelezi, namba yake mwenyewe ya simu. Aliyaandika kwa sababu alijua nusu ya maneno yake hayakuwa yameingia, na ifikapo jioni hata hiyo nusu nyingine itakuwa imetoka. Akampa kinyozi karatasi ashike.

"Nani wa kukaa nawe leo?"

Mama Pasi alifikiri kwa muda mrefu, kama ameulizwa hesabu. Alimtaja jirani muuza mkaa. Mwenyekiti, ambaye hatimaye alikuwa amepata kazi ya kufanya, alitoka kumwita, na akamwambia jirani sababu kule kule kwake, ili asiingie akiwa hajui, akaanza kuuliza mambo ya sabuni.

"Na nani wengine wa kuambiwa?" Koplo aliuliza. Lilikuwa swali lake la mwisho siku zote. "Wale ambao wakisikia barabarani itakuwa vibaya. Niambie, tuwawahi."

Kinyozi alitaja shangazi mmoja, na fundi mwenzake wa karakana. Koplo akaandika.

Mama Pasi alikuwa anaondoa uzi kwenye shati lililokunjwa.

"Kuna nyumba nyingine," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Ana nyumba nyingine. Siku anazosema analala kwenye kazi, hulala huko. Mwaka wa tatu huu. Nilimfuata siku moja. Mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Aliingia na mkate na sukari, kama mtu anayeingia kwake." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikubisha. Nikasema nitangoja mpaka aniambie mwenyewe."

Kinyozi alijiondoa kwenye fremu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa na kitu cha kusema. "Shemeji, sikiliza. Hiyo nyumba..."

"Shemeji, acha. Nimeshasema mimi. Usinisaidie."

Kinyozi alitazama sakafu, na Koplo, ambaye kazi yake ni kuwatazama watu, aliona kwamba kinyozi anaujua ule mlango wa kijani.

"Huyo mwanamke naye aambiwe," Mama Pasi alisema. "Asisikie kwenye simu. Twende nikakuonyeshe."

Koplo alikataa. Mtu aliyefiwa saa hiyo hapelekwi kwenye mlango mwingine. Anaachwa na watu wake, anapewa maji. Alimwomba aelekeze tu. Mama Pasi alisema kule nyuma ya kiwanda kuna milango ya kijani kumi na tano, vibanda vyote alivijenga mtu mmoja na rangi ilikuwa ndoo moja. Je, Koplo abishe milango kumi na minne ya watu wasiohusika, akiwa amevaa hiyo sare?

Alikuwa ameshafunga kanga kiunoni.

Kinyozi alipaswa kwenda hospitalini kumtambua ndugu yake. Jirani muuza mkaa alikuwa ameingia, amekaa kimya kitandani, mikono myeusi mapajani. Alimtazama Koplo akasema kwa upole kwamba kama Mama Pasi atakwenda, yeye naye atakwenda.

Koplo alimpigia mkuu wa kituo. Alitoa taarifa ya kosa la asubuhi kwanza, bila kujitetea, kisha ya utambulisho, kisha akaomba mjumbe wa mtaa ule wa pili awasubiri. Mkuu alimwambia mjane abaki ndani ya gari. Koplo alisema sawa.

Gari lilipita barabara za nyuma ili kuikwepa njia panda. Mama Pasi alikaa dirishani. Alisoma vibao vya maduka, kwa sauti ndogo, kimoja baada ya kingine: vifaa vya ujenzi, saluni, mashine ya kusaga, vifaa vya ujenzi. Jirani alimshika mkono, naye aliuacha ushikwe.

Mara moja tu alisema jambo. Aliuliza kama akimwona yule mwanamke amsalimie vipi. Jirani alisema hata yeye hajui.

Nyuma ya kiwanda vumbi la matofali lilikuwa limekaa kwenye kila kitu, hata kwenye majani. Vibanda vilikuwa vimepangana, milango ya kijani imefuatana. Mjumbe, mzee mfupi mwenye baiskeli, alikuwa amefika. Mama Pasi alinyoosha kidole kwenye mlango wa sita. Nje yake kulikuwa na ndoo iliyofunikwa, jozi moja ya malapa madogo, na sare ya shule kwenye kamba.

Koplo alimwambia abaki garini. Alishuka, akavua kofia, akabisha.

Alifungua msichana wa miaka kumi na mitano hivi. Alikuwa na daftari mkononi na wino kwenye kidole. Alimwamkia Koplo, akamwamkia mjumbe, akasimama akisubiri.

Koplo alimuuliza kama mama yupo.

Msichana alisema mama yake alifariki, mwaka wa tatu sasa. Anaishi hapo na baba. Baba ni fundi majokofu, ila siku nyingi hulala kazini.

Ndani ya gari dirisha lilikuwa limefunguliwa. Koplo alijua maneno yale yamefika. Hakugeuka.

Alihesabu haraka kichwani, kutoka ile miaka kumi na mmoja ya ndoa aliyotajiwa na Mwenyekiti. Binti alikuwa amezaliwa kabla ya ndoa ya kule uani, miaka minne kabla. Hakukuwa na mwanamke wa pili. Palikuwa na mtoto, na mwanamume aliyekuwa anawaambia watu wawili uongo mmoja ule ule.

"Kuna mtu mzima yeyote hapa ndani?" aliuliza.

"Hakuna. Niko peke yangu." Msichana alilitazama gari la polisi, akamtazama tena Koplo. "Baba amefanya nini?"

Kwa mtoto aliye peke yake, kanuni ni moja: husemi. Unamtafuta mkubwa wake kwanza, hata kama yuko mkoa mwingine, hata kama ni jirani tu anayempenda, na mkubwa huyo ndiye anayeketi naye. Koplo alimtazama mjumbe. Mjumbe aliinua mabega. Baba na binti huyu hawakuwa na ndugu ambaye mjumbe alimjua. Mama mwenye nyumba alikuwa safarini. Pembezoni milango miwili ya kijani ilikuwa imeshafunguka nusu, na mwanamke mmoja alikuwa anatazama simu yake, kisha gari, kisha simu.

"Hajafanya kosa lolote," Koplo alisema. Hilo angeweza kulisema. La kifo hakuweza bado.

Mlango wa gari ulifunguka na kufungwa. Koplo alisikia kandambili juu ya changarawe, hatua zisizo na haraka. Alitaka kumwambia arudi, lakini Mama Pasi alikuwa ameshampita.

Alisimama mbele ya msichana akamtazama. Paji la uso lilikuwa lile lile. Masikio yalikuwa yale yale, yamechomoza kidogo, masikio aliyoyatazama kwenye mto wa kitanda kwa miaka kumi na mmoja kila alfajiri kabla mwenyewe hajaamka. Uso wa Mama Pasi haukuonyesha kitu. Mkono wake tu ndio uliokuwa ukikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Shikamoo," msichana alisema.

"Marahaba."

Kisha akamgeukia Koplo.

"Umeuliza mtu mzima," alisema. "Yupo. Ni mimi."

Alivua kandambili, akaziweka kando ya yale malapa madogo, akamshika msichana begani, akaingia naye ndani. Mlango waliuacha wazi. Koplo alibaki kizingitini, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakujua ni nani kati yao atakayelisema lile neno.